Tangazo la kukatika kwa maji: namna ya kuliandika upya ili mkazi ajue lini, muda gani na afanye nini

Tangazo lenyewe mnalijua. Limepigwa mhuri, lina nembo juu, na linasomeka hivi:

"Mamlaka inawatangazia wateja wake wote kuwa kutakuwa na ukosefu wa huduma ya maji kwa muda wa saa 10 siku ya Jumanne tarehe 14/7/2026 kuanzia saa 2:00 asubuhi hadi saa 12:00 jioni. Sababu: kupisha matengenezo ya bomba kuu la inchi 12. Maeneo yatakayoathirika ni Sokoni, Majengo, Mlimani na maeneo ya jirani. Wateja mnashauriwa kuhifadhi maji ya kutosha. Tunaomba radhi kwa usumbufu utakaojitokeza."

Mji na majina ya mitaa nimeyabuni, lakini maneno ni yale yale yanayobandikwa kwenye ofisi za serikali za mitaa kila mwezi. Kisarufi halina kosa, na mhandisi aliyelipitia hakuona tatizo. Ila mama wa Mlimani atakayelisoma atakinga madumu yake Jumatatu usiku kwa hesabu ya siku moja, na Jumatano saa 4 asubuhi atakuwa anapiga simu kuuliza mbona maji hayajarudi. Hiyo saa 12 jioni ya kwenye tangazo ni saa ya fundi kumaliza kazi. Yeye alidhani ni saa ya koki yake kutoa maji.

Karibu kila tangazo la maji linaugua ugonjwa huu, kwa hiyo marekebisho yaanzie hapo.

Hatua ya kwanza: pata saa za koki kutoka kwa watu wa mtandao

Usiguse lugha kabla hujakaa na msimamizi wa zamu na yule fundi anayezunguka kufungua na kufunga vali. Ofisa uhusiano akiandika kwa kutegemea barua ya idara ya ufundi peke yake, atapata saa za kazi tu. Waulize kazi yote imepangwaje tangu vali ya kwanza inafungwa mpaka nyumba ya mwisho inapata maji, na uandike kila kipande kinachukua muda gani.

Kwa mfano wetu majibu yanakuwa hivi. Vali inafungwa Jumanne saa 2 asubuhi. Bomba halikatwi likiwa na maji, kwa hiyo yanamwagwa kwanza kupitia toleo la bondeni, na hiyo ni kazi ya saa tatu. Kuanzia saa 5 asubuhi mafundi wanakata, wanabadilisha vali mbovu na kuchomelea maungio mawili, na wanamaliza saa 12 jioni. Mwandishi wa tangazo la zamani aliishia hapo.

Kazi iliyobaki ni ndefu. Kipande kilichomwagwa kina urefu wa kilomita 4, na bomba la inchi 12 la urefu huo hubeba karibu lita 280,000. Huwezi kufungulia maji yote kwa mkupuo. Hewa iliyomo ndani lazima itoke taratibu kupitia vali za hewa, la sivyo inabanwa na kupiga bomba kwa kishindo, na maungio mliyochomelea jioni yanaachia usiku. Ndiyo maana mafundi hujaza kwa mwendo usiozidi takriban sentimita 30 kwa sekunde. Kwa mwendo huo, kilomita 4 zinajaa kwa muda unaokaribia saa nne, yaani saa 4 usiku. Zinafuata saa mbili za kutia dawa na kusukuma nje maji machafu mpaka yatoke meupe. Bomba kuu liko tayari saa 6 usiku.

Hata hapo bado hakuna mtu mwenye maji. Mabomba madogo ya mitaani nayo yamekauka, na watu waliosahau koki wazi wanayamwaga kadiri yanavyoingia. Sokoni na Majengo, ambako ni bondeni, yanafika alfajiri, tuseme saa 12 asubuhi Jumatano.

Mlimani ni habari nyingine kabisa. Wao wanalishwa na tanki la lita 500,000 lililoko juu, na tanki hilo haliingizi kitu mpaka presha ya bondeni ikae sawa. Likianza kujaa saa 12 asubuhi kwa lita 50,000 kwa saa, linafika nusu saa 5 asubuhi. Fundi mzoefu hafungulii chini ya nusu, kwa sababu nyumba za karibu na tanki zitayanywa yote na bomba la kutokea litavuta hewa. Akifungulia saa 5, nyumba za mwisho kabisa zinapata kama saa 10 jioni.

Kwa hiyo Mlimani maji yanarudi karibu siku nzima baada ya saa iliyotangazwa. Kazi haikuchelewa hata dakika moja, tangazo ndilo lilitaja saa isiyowahusu.

Kuna jambo moja ambalo wahandisi huliona lakini halifiki kwenye karatasi. Watu wa Mlimani hawakatikiwi saa 2 asubuhi. Tanki lao linaendelea kuwalisha hata baada ya vali kufungwa. Kwa matumizi ya kawaida ya mchana lingeweza kuwafikisha alasiri, lakini siku hiyo si ya kawaida, kwa sababu tangazo lenyewe linawafanya wote wajaze madumu. Chukua tahadhari, andika kwamba kwao maji yataanza kukata Jumanne saa 6 mchana.

Hatua ya pili: gawa maeneo kwa jinsi maji yanavyokwenda

Sasa una makundi mawili yenye saa tofauti, na kila kundi liandikiwe saa zake. Ukiyaweka pamoja kwenye sentensi moja utalazimika kutaja saa moja kwa wote, na lazima iwadanganye baadhi.

Maneno "baadhi ya maeneo" na "maeneo ya jirani" yafute kabisa. Mwandishi huyaweka ili ajikinge, asije akaambiwa amesahau mtaa. Msomaji naye anayasoma kwa namna mbili: aliye mbali anahangaika kukinga maji bure, na aliye karibu anajiambia si yeye. Mabomba hayafuati mipaka ya kata. Mtaa mmoja unaweza kulishwa upande wa kulia na laini moja, upande wa kushoto na laini nyingine. Anayeujua ukweli huu kuliko ramani ya ofisini ni msoma mita wa eneo hilo. Mwite, mpe orodha, akuambie mpaka unaishia wapi kwa alama ambazo kila mtu anazijua: shule ya msingi, msikiti, kituo cha daladala, daraja. "Majengo, kuanzia stendi ya zamani hadi darajani, pande zote mbili za barabara" ni maneno mengi kidogo, lakini hakuna atakayepiga simu kuuliza kama yumo.

Na wale ambao hawaguswi lakini wako karibu, wataje. Sentensi moja tu, "Uzunguni na Kisimani mtaendelea kupata maji kama kawaida," inazuia mitaa miwili mizima isijaze ndoo siku moja na kushusha presha ya wenzao.

Hatua ya tatu: andika saa ambayo haina njia ya kukosewa

Hapa ndipo nimeona makosa ya kuchekesha na kuudhi kwa pamoja. La kwanza ni la mtu aliyenakili ratiba ya mhandisi iliyoandikwa 08:00 akaweka "saa 8:00 asubuhi". Msomaji anabaki kukisia kama ni saa 2 asubuhi au saa 8 mchana. Andika "saa 2 asubuhi", na kama una wasiwasi weka tarakimu za saa ya simu kwenye mabano, (08:00), kwa sababu vijana wengi wanaangalia simu.

La pili ni usiku. "Saa 6 usiku wa Jumanne" ni ipi? Ya kuamkia Jumanne au ya kuamkia Jumatano? Tumezoea kusema "usiku wa kuamkia Jumatano", basi andika hivyo hivyo. Ila bora zaidi ni kuepuka kutaja saa za usiku wa manane kama hazimsaidii mkazi. Hakuna anayeamka saa 6 usiku kungoja koki. Mwambie atakapoamka asubuhi atakuta nini.

La tatu ni "kwa muda wa saa 12 kuanzia saa 12". Mtu akisoma haraka kwenye karatasi iliyolowa mvua atachanganya muda na wakati. Taja siku, tarehe na saa ya kukatika, kisha siku, tarehe na saa ya kurudi. Urefu uuweke mwishoni kwa lugha ya mtu anayepanga maji ya nyumbani: "Jiandae kwa siku moja na nusu." Kwa Sokoni ni saa 22 na kwa Mlimani ni saa 28, lakini hesabu hiyo haimwambii mtu akinge madumu mangapi.

Kuhusu kuongeza akiba ya muda: ongeza, lakini isipitilize. Mamlaka ikitangaza siku tatu kisha maji yakarudi kesho yake, watu hufurahi mara ya kwanza. Mara ya tatu hawaliamini tena tangazo, wanapunguza wenyewe. Mimi hupendelea kuandika saa ambayo msimamizi wa zamu yuko tayari kuisema mbele ya mkutano wa mtaa.

Hatua ya nne: badala ya "hifadhi maji ya kutosha", toa hesabu

Kutosha ni kiasi gani? Kipimo kinachotumika sana kwa mahitaji ya msingi ni lita 20 kwa mtu kwa siku, yaani dumu moja. Familia ya watu watano kwa siku moja na nusu ni madumu saba na nusu, sema manane. Andika "dumu moja la lita 20 kwa kila mtu kwa siku" na mkazi atamaliza hesabu mwenyewe. Mwenye simtanki la lita 1,000 ataona mara moja kwamba hana haja ya kukimbizana na mtu.

Kisha sema lini akinge. Mkisema tu "hifadhini", mji mzima utafungua koki Jumatatu jioni, presha itaanguka, na walio juu mlimani watakosa kabla hata vali haijafungwa. Waambie waanze Jumapili, wamalize Jumatatu mchana.

Maagizo mengine yawe machache na yawe yale ambayo mtu asipoyafuata anapata hasara. La kwanza ni kufunga koki zote, hasa kabla ya kulala au kutoka. Maji yanarudi alfajiri, na koki iliyoachwa wazi inamwaga mpaka mwenye nyumba arudi kazini, na bili ni yake. La pili ni kuzima pampu, kwa sababu ikizunguka bila maji inaungua. Na pampu inayonyonya moja kwa moja kwenye laini ya mtaa ni mbaya zaidi siku kama hii: bomba likiwa tupu, inavuta maji ya mtaroni kupitia kila palipopasuka. La tatu ni kufunga koki ya kuingizia maji kwenye simtanki, isifunguliwe mpaka maji yaliyorudi yawe meupe. Boya la tanki halijui maji machafu ni yapi, likishuka linafungulia tu.

Baada ya hapo mwambie afanye nini maji yakirudi. Matangazo mengi hayagusi sehemu hii kabisa, na ndiyo inayozaa simu nyingi siku ya pili. Maji ya kwanza yatakuja na hewa, yakikohoa, na yanaweza kuwa na rangi ya kutu au tope. Afungue koki ya nje iliyo karibu na mita, ayakinge kwenye ndoo kwa ajili ya chooni, mpaka yatakate. Asifue nguo nyeupe asubuhi hiyo. Ya kunywa ayachemshe mpaka yatokote, yaendelee kutokota kwa dakika moja, kwa kuwa bomba likikosa presha uchafu wa udongoni unaweza kuingia hata kama mafundi wametia dawa. Kipindi cha kuchemsha kiamuliwe na watu wa maabara wenu na kitajwe. Kama bado yana rangi mpaka jioni, apige simu. Usimwachie "wasiliana nasi kwa tatizo lolote", mwambie dalili ipi ndiyo ya kupigia simu.

Hatua ya tano: liandike sasa

Kila kitu kikiwa mezani, kuandika kunachukua dakika chache. Kichwa kiseme jambo lenyewe, maana mtu anapita mbele ya ubao wa matangazo akielekea kazini:

"HAKUNA MAJI JUMANNE TAREHE 14 NA JUMATANO TAREHE 15 JULAI 2026
Sokoni, Majengo na Mlimani

Sokoni yote, na Majengo kuanzia stendi ya zamani hadi darajani: maji yatakatika Jumanne saa 2 asubuhi na kurudi Jumatano saa 12 asubuhi.

Mlimani yote, kuanzia shule ya msingi kwenda juu: maji yatakatika Jumanne saa 6 mchana na kurudi Jumatano saa 10 jioni. Nyumba za karibu na tanki zitaanza kupata mapema zaidi.

Uzunguni na Kisimani: mtaendelea kupata maji kama kawaida.

Kabla ya Jumatatu jioni: kinga dumu moja la lita 20 kwa kila mtu kwa siku. Jiandae kwa siku moja na nusu.
Yakikatika: funga koki zote, funga koki ya tanki, zima pampu.
Yakirudi: fungua koki ya nje kwanza mpaka yatakate, ndipo ujaze tanki. Chemsha maji ya kunywa mpaka Ijumaa.

Boza litakuwa Mlimani, uwanja wa shule, Jumatano saa 1 hadi saa 5 asubuhi. Maji ni bure, njoo na dumu lako.

Tunabadilisha vali na maungio ya bomba kuu linalovuja. Jumanne saa 12 jioni tutawatumia ujumbe kueleza kazi imefikia wapi. Simu: …"

Sababu imeshuka chini, na radhi sikuiweka. Wakubwa wengi watataka kuirudisha. Waachie, ila ikae mwishoni, isimeze mistari miwili ya juu ambayo ndiyo inayosomwa. "Mamlaka inawatangazia wateja wake wote" nayo haina kazi, maana nembo iko pale pale juu. Sentensi ya boza isiwekwe kama boza halijathibitishwa, kwa sababu watu mia waliosimama na madumu uwanjani hawatasahau.

Ujumbe wa simu una masharti yake. Meseji moja inabeba herufi 160, nafasi na nukta zikihesabiwa. Ukiingiza alama moja ya picha, au alama za kunukuu zilizopinda ulizonakili kutoka kwenye hati, uwezo huo unashuka hadi herufi 70 na tangazo lako linakuwa meseji tatu zinazolipiwa, ambazo simu nyingine zinazipokea zikiwa zimepinduka. Huu unatosha, na ukiongeza namba ya simu ya tarakimu 10 mwishoni unafika herufi 157:

"HAKUNA MAJI Sokoni na Majengo kuanzia Jumanne 14/7 saa 2 asubuhi hadi Jumatano 15/7 saa 12 asubuhi. Jaza kabla ya Jumatatu jioni. Funga koki. Simu"

Mlimani wapate wao peke yao, wenye saa zao. Kama orodha ya namba za wateja haijagawanywa kwa maeneo, tumia njia za wasoma mita kuigawa. Kumbuka pia kwamba meseji inafika kwa mwenye mita, ambaye mara nyingi ni mwenye nyumba anayeishi kwingine. Wapangaji utawapata kupitia mwenyekiti wa mtaa, wajumbe, makundi ya wasapu, na vioski vya maji. Zahanati, shule za bweni na wodi ya wazazi wapigiwe simu, na aliyepokea aandikwe jina.

Hatua ya sita: lijaribu kwa mtu asiye wa ofisini

Mpe mama ntilie wa nje ya geti au bodaboda. Asome mara moja, kisha chukua karatasi yako. Usimuulize "umeelewa?", kwa sababu atasema ndiyo. Muulize: wewe unakaa Mlimani, maji yanakatika lini kwako? Yanarudi lini? Utakinga madumu mangapi, na siku gani? Yakirudi utafungua koki ipi kwanza? Akikwama kwenye swali, kosa liko kwenye sentensi hiyo. Mara nyingi nimeona watu wakikwama kwenye saa ya kurudi, na mara nyingi ni kwa sababu saa mbili zimewekwa kwenye mstari mmoja.

Hatua ya saba: andaa mapema ujumbe wa kuchelewa

Kuchomelea kunaweza kugoma, au udongo ukaporomoka shimoni. Panga na msimamizi saa ya kuamua. Kwa kazi yetu ni Jumanne saa 11 jioni, saa moja kabla ya ujumbe mliowaahidi watu. Kama kufikia hapo maungio ya pili hayajaanza kuchomelewa, kila kitu kinasogea mbele, na kwa kuwa kujaza na kusafisha hakufupishwi, muda wote uliopotea unahamia kwenye saa ya kurudi. Ujumbe uwe umeandikwa tayari, umeachiwa nafasi ya saa tu:

"MAJI YAMECHELEWA. Sokoni na Majengo sasa ni Jumatano saa 4 asubuhi. Mlimani ni Jumatano saa 2 usiku. Tumieni maji kwa uangalifu. Ujumbe mwingine saa 1 asubuhi."

Saa mpya, kila eneo na yake, na saa ya ujumbe unaofuata. "Mafundi wanaendelea na jitihada" haimpangii mtu chakula cha jioni.

Kazi ikiisha, mwombe kila msoma mita akuandikie saa halisi ambayo maji yalitoka kwenye nyumba ya kwanza na nyumba ya mwisho ya njia yake. Kaa na karatasi hizo pamoja na tangazo. Kama Mlimani mlitabiri saa 10 jioni na nyumba za mwisho zikapata saa 1 usiku, tangazo lijalo la laini hiyo linaanza na saa 1 usiku.